Sote Kijani, Nyumba Nyekundu

Bi alikuwa na desturi ya kuniuliza swali lake kabla sijapata pumzi. Alijua nimepanda ngazi za ghorofa tano, alijua goti langu la kushoto lina malalamiko yake, na nadhani alijua pia kwamba mtu anayehema hana nafasi ya kutunga uongo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea siku, au umeniletea maneno?"

Alikuwa amekaa kwa binti yake, Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyolala kama treni zisizokwenda popote. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa Mji Mkongwe, nasi ndio tuliokuwa tukiitengeneza. Ukoo wake zamani ulikuwa na mashamba ya karafuu. Zama zangu mie ulikuwa umebaki na nyumba hiyo moja na adabu nyingi. Boriti za chumba cha juu zilikuwa zimeoza ncha zilipoingia ukutani, sakafu ikabonyea katikati kama godoro la sufi, na wanawe wakaona mama yao asije akashuka chini kwa njia ya mkato. Wakamhamisha. Alipandishwa ghorofa ya tano kwa kupumzishwa kila ngazi, magoti yakimlilia, na tangu siku ile hakushuka tena. Dirishani aliuona mji wote, mabati, minara na minazi, lakini hakuweza kuugusa. Alikuwa akitaka jambo moja tu, na alilitaja kila nilipokwenda: Ramadhani imkute kwake.

"Sitaki mapambo," aliniambia. "Sitaki rangi. Nataka nikisikia adhana, iwe ya msikiti wangu. Huku zinanijia sita pamoja, sijui nimuitikie yupi."

Mimi katika kile kikosi sikuwa fundi. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vitu: boriti, chokaa, mchanga, misumari, vitasa. Nilikuwa nikienda Fumba kuwakuta wachomaji chokaa, tunavutana bei mpaka jua linahama, na nikirudi nahesabu magunia mara mbili, moja mbele ya muuzaji na moja peke yangu, maana hesabu ya mbele za watu ina haya. Kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyeitaka, ilikuwa kuwapelekea wenye nyumba tarehe. Mafundi hutaja, tajiri, yaani mwenye kikosi, huidhinisha, mie nabeba. Kama yule anayebeba posa: wakikubali, hongera kwa bwana harusi, wakikataa, anayetukanwa ni mjumbe.

Na sifa za mafundi wa kwetu kwenye tarehe zinajulikana. Fundi akikwambia kesho, amekuheshimu. Akikwambia keshokutwa, amekusahau. Tajiri wetu alikuwa mtu wa haya, na haya zilikuwa zikimuua. Ilifika hadi anabadilisha njia ya kwendea sokoni asikutane na wateja. Kwa hivyo alipokwenda Maskati kumtazama kaka yake, ambaye kule ana kampuni ya ujenzi ya maana, alirudi na halua na ubao.

Ubao ulikuwa mweusi, wa skuli. Aliutundika uani, kwenye nyumba ya Bi, pale tunapochanganyia chokaa. Alichora mistari, akaandika kila fundi na mstari wake: mwashi, seremala, fundi wa lipu, fundi umeme, na mimi wa vifaa. Akatueleza taratibu, kwa upole wake ule ule.

"Kila Jumamosi, kila mtu atataja mwenyewe kazi yake itakwisha lini. Mie simpangii mtu. Ikisha siku ile, chaki ya kijani. Ikipita, nyekundu. Mwisho wa mwezi mwenye kijani nyingi atapata kipolo cha mchele, gunia dogo zima. Na mwenye nyekundu nyingi…" Akajikuna shingo. "Basi tutatazamana."

Lilikuwa jambo la haki, ukilisikiliza. Mtu anataja siku yake mwenyewe, anapimwa kwa ulimi wake mwenyewe. Hata fundi wa lipu, mtu wa Makunduchi asiyependa maneno, alitikisa kichwa kukubali. Nilikwenda Michenzani siku ile nikipanda ngazi kwa furaha, nikamwambia Bi sasa tuna mambo ya kisasa.

"Ubao?" akasema. "Haya. Na mie nimeandikwa wapi?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Jumamosi ya kwanza kila mtu alitaja siku yake ya kweli, kwa sababu hakuna aliyejua mchezo. Seremala akasema boriti za chumba cha juu atazimaliza katika wiki. Akazimaliza siku nne. Tajiri akafurahi, akampa kijani, na Jumamosi iliyofuata seremala aliposema ngazi zitamchukua wiki, tajiri akamwambia kwa tabasamu, "Weye wiki yako ni siku nne, nimeshakujua." Ngazi zikachukua wiki kamili, kwa sababu ngazi ni ngazi. Seremala akapata nyekundu. Aliutazama ule ubao kama mtu aliyepigwa kofi na mwenyeji wake.

Basi tangu hapo alijifunza, na sisi sote tukajifunza kupitia yeye. Kazi ya siku tatu ikawa ya wiki. Akimaliza mapema, hasemi. Nilimkuta siku moja chini ya ngazi, amekaa juu ya vumbi la mbao anasokota ukindu wa kutengenezea kipepeo.

"Yakhe, milango si tayari ile?" nikamuuliza. "Mbona huiti mtu aje aitie?"

"Tayari Alhamisi."

"Lakini nnaiona hapa, leo Jumatatu."

"Unaiona weye. Ubao hauioni. Nikiitoa leo, safari ijayo nitakatiwa siku tena. Niache nisokote ukindu wangu, mke wangu kapepea makaa kwa kifuniko cha sufuria mwaka mzima."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani, kwa sababu hiyo ni kazi yangu. Nikienda kununua boriti, muuzaji hanitajii bei anayoitaka. Ananitajia ile atakayoshuka kutoka kwake. Nami simwambii niliyonayo mfukoni. Hapana aliyesema uongo, maana hapana aliyetarajia ukweli. Tarehe nazo zikawa hivyo. Jumamosi ilikuwa mnada. Mwashi anataja wiki tatu, tajiri anasema mbili, wanakutana kati, na ile ya kati si siku ya kazi kwisha, ni siku ambayo wawili wamechoka kubishana. Nami nikawa nazibeba siku hizo ghorofa ya tano kana kwamba ni kitu.

Kitu cha pili kilichokwenda ni mikono. Kabla ya ubao, seremala akimaliza lake alikuwa akimshikia mwashi ndoo, huku wanatukanana kwa mapenzi. Sakafu zetu za zamani huwezi kuzifanya peke yako: unapanga mawe juu ya boriti, unamwaga chokaa na udongo mwekundu, kisha watu wanasimama mstari na vipande vya miti, wanaipondaponda siku kwa siku, huku mmoja anaimba na wengine wanaitikia, mpaka inashikana na kulia kama jiwe moja. Sakafu ya Bi ilipofika kupondwa, mwashi alitokea na kibarua wake, wawili tu. Akatuita. Fundi umeme akasema anatoboa. Seremala akasema ana tarehe yake. Fundi wa lipu alikuwa tayari na kipande cha mti mkononi, akautazama ubao, akautazama mti, akaurudisha ulipokuwa.

Wakaponda wawili. Hakuna aliyeimba. Mtu hawezi kuimba na kujiitikia.

Mwashi naye hakuwa mtu mbaya, wallahi. Ukuta wa kusini ulikuwa na mashimo ya kina, pale zilipong'olewa boriti mbovu, na mashimo ya namna ile hujazwa kidogo kidogo, vijiwe na chokaa, ukaacha ikamate, ukaongeza. Lakini sakafu ilikuwa imemla siku, na tarehe ya ukuta ilikuwa imefika. Akajaza yote kwa mara moja, akapangusa juu kukawa safi. Kijani. Ndani mle kulikuwa uji.

Akamkabidhi fundi wa lipu. Huyu mtu wa Makunduchi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga mtu nazi sokoni, akatega sikio. Nilikuwa pale, nimeleta mchanga.

"Mbichi?" nikamuuliza.

"Mbichi."

"Si useme."

"Nikisema, nnangoja. Nikingoja, mimi ndo mwekundu, si yeye. Nna nyekundu tatu nshazipata kwa kungojea wenzangu. Ya nne ndo ya kutazamana na tajiri." Akachota chokaa. "Na kwetu wanasoma watatu."

Akapiga lipu. Tabaka la kwanza lilitaka muda likamate kabla ya la pili. Muda hakuwa nao, akayafuatisha. Ukuta ukatoka mweupe, mzuri, umenyooka. Akapata kijani. Fundi umeme akaja kwa tarehe yake, ambayo aliitaja mbali kusudi asibanwe na mtu, akachimba mifereji ya nyaya katikati ya lipu mpya, akapitisha nyaya zake, akaondoka na kijani yake safi. Mie nami nilikuwa na kijani tupu, maana chokaa nilikuwa nikiitaja siku ambayo hata punda mgonjwa angeifikisha.

Ukisimama uani siku zile ukautazama ubao, ungedhani umeangukia shamba la mchicha.

Mvua ya vuli ikaingia. Asubuhi moja tulifika tukakuta lipu ya ukuta wa kusini imevimba kama shavu la mtu mwenye jino, na kabla hatujaamua nani aiguse kwanza, ikaanguka yenyewe. Kishindo chake hakikuwa kikubwa. Tulisimama na vumbi kwenye ndevu. Kila mmoja alitazama ubao, kisha akamtazama mwenzake, na nikaona kwenye macho ya kila mmoja anatafuta ni mstari wa nani.

"Mie nilikabidhi," akasema mwashi.

"Ulikabidhi uji," akasema fundi wa lipu.

"Ulikuwa na mdomo."

"Nilikuwa na tarehe!"

Seremala alicheka, na lile lilikuwa kosa, maana walimgeukia wote wawili kwa mambo ya tangu siku ya kwanza: milango iliyofichwa, mti wa kupondea usioshikwa, kipepeo. Tulikuwa tumezoea kula pamoja sinia moja, kila siku zamu ya mtu. Siku ile kila mtu alikula mkate wake, amempa mwenziwe mgongo.

Tajiri alikuja adhuhuri. Aliangalia ukuta, akaangalia ubao. Chaki alikuwa nayo mkononi, nyekundu, na ilikuwa wazi anamtafutia nani. Fundi wa lipu alikuwa ameshaanza kuosha miko yake, polepole, kama mtu anayefunga mzigo.

Nikamwambia tajiri, "Kabla hujaandika, twende Michenzani. Leo tarehe ipeleke mwenyewe."

Sikujua nitapata nini kule. Nilitaka tu apande zile ngazi.

Alipanda. Ghorofa ya tatu akasimama, akashika reli, akasema, "Na unakuja huku kila wiki?" Nikamwambia kila wiki, na wakati mwingine mara mbili, nikihesabu ile nnayorudi kwa kuwa nimesahau kumwachia binti yake chenji ya umeme alionituma kumlipia.

Bi alikuwa na buibui amelitandika mapajani. Tukajua baadaye kwamba alikuwa akilitandika hivyo kila siku tangu mwezi wa Shaabani uandame, asije akachelewesha watu siku ya kuchukuliwa. Marobota yake yalikuwa mlangoni, yamefungwa kamba.

"Shikamoo, Bi," akasema tajiri.

"Marahaba. Kaa, mwanangu, usije ukaniangukia. Nyumba lini?"

Tajiri akaanza kumweleza. Seremala amebakisha madirisha mawili, atamaliza Jumanne. Mwashi ameshamaliza. Umeme umekwisha. Vifaa vyote viko. Alieleza vizuri, kila mtu na siku yake, kila mtu yuko ndani ya ahadi.

Bi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mashaallah," akasema. "Wote wamewahi. Basi nyumba lini?"

Nilimwona tajiri anahesabu kichwani, anajumlisha kijani zote zile, na hazipati jumla. Kwa sababu hapakuwa na mtu, si yeye, si mie, si fundi yeyote, aliyeulizwa hata siku moja ile nyumba itakwisha lini. Tuliulizwa vipande.

"Bi," akasema mwishowe, "sijui."

Bi aliligusa buibui, akalikunja mara mbili, akaliweka kando. Hilo lilikuwa baya kuliko maneno yake yote.

Tukashuka mpaka chini. Pale kwenye kivuli cha jengo ndipo tulipovutana, na kwa mara ya kwanza maishani nilivutana bila ya bei.

"Ubao haudanganyi," akasema. "Kila alichoandikwa mtu ni kweli."

"Ni kweli kwa kila mtu. Kwa nyumba ni uongo. Umempima mtu, amejilinda mtu. Anayejilinda anataja siku ya mbali, anaficha akimaliza, anafunga mdomo akiona kibaya. Na anayekaa mwisho wa foleni ndiye anayelipa. Yule wa lipu uchelewaji wote wa wenzake unamwagikia yeye. Ukimfukuza, utaleta mwengine akae pale pale, alowe vile vile."

"Nikifuta majina, mvivu atajificha nyuma ya wenzake."

"Atajificha kwako. Kwa wenzake hawezi. Uliwahi kuona mtu akaponda sakafu nusu nusu, waliosimama naye wasijue? Na wewe ukiwa na neno na mtu, mwite pembeni umwambie. Usimwandike."

"Halafu nitajuaje kama tarehe zetu ni za kweli?"

"Ipime nyumba. Siku tuliyosema sote, na siku Bi aliyoingia. Tofauti ndiyo alama yetu, ya wote, na wewe umo."

Hilo la mwisho halikumpendeza, lakini hakulikataa. Alinunua miwa kwa muuzaji wa pale, akanipa kipande, tukatafuna njia nzima. Mtu akikununulia muwa katikati ya ubishi, bei imekaribia kushuka.

Alifika uani, akachukua kitambaa kibichi, akafuta majina yote, kijani na nyekundu. Fundi umeme aliuliza, "Na zangu?" Alikuwa na kijani nyingi kuliko sote, na kipolo cha mchele alikuwa ameshakionja kwa macho. Wiki ile ile aliondoka akapata kazi kwenye hoteli za upande wa mashariki. Sikumlaumu. Alikuwa ameucheza mchezo kama ulivyowekwa.

Tajiri aliandika neno moja, *Nyumba*, akageuka. "Lini?"

Mwashi akasema, bila kumtazama mtu, "Ukuta wa kusini, ndani mna uji. Lazima nitoe, nijaze upya taratibu." Hakuna aliyempiga chaki. Fundi wa lipu akasema, "Ukimalizana na mashimo ya chini kwanza, mie nitaanzia huko wakati ya juu yanakamata." Seremala akakohoa. "Madirisha mie nshayamaliza," akasema. "Tangu juzi. Naweza kuchanganya chokaa." Wakacheka, na safari hii alicheka wa kwanza. Nami nikasema chokaa ya kuongezea itafika Jumatano, si Jumatatu ijayo, nikaona aibu ndogo ya kufurahisha, ya mfanyabiashara aliyetaja bei ya kweli mara ya kwanza.

Walibishana mpaka magharibi. Sio na tajiri. Wao kwa wao. Siku waliyofikia ilikuwa kumi ya Ramadhani.

Nilipanda ngazi na siku hiyo. Ndiyo tarehe nzito kuliko zote nilizobeba, kwa sababu ilikuwa ya kweli na haikuwa ile aliyoitaka.

"Kumi," akasema Bi. "Basi kumi la mwanzo lote nifunge huku juu."

"Ndivyo, Bi."

Aligeukia dirisha. "Ile ya mwanzo mlisema itakuwa Rajab. Halafu mkasema Shaabani mosi. Halafu nusu ya Shaabani. Siku zenu zilikuwa zinanijia kama wageni wa msibani, kila aendaye anamwachia nafasi mwenziwe." Akanitazama mimi. "Hii nani kaisema?"

"Sote. Tumekaa chini sote."

"Pamoja na yule wa Makunduchi? Asiyesema?"

"Yeye ndiye aliyeongeza siku mbili za mwisho."

"Asiyesema akisema, huwa kishafikiri. Haya. Nitafunga huku. Lakini mwanangu, kama itasogea, nijue mapema. Nisikae na buibui."

Kazi ya siku zile naikumbuka kuliko kazi nyingi nzuri zaidi nilizofanya baadaye. Tulianza alfajiri, kabla kiu haijatuandama. Mwashi aliufungua ukuta, akaujaza kama unavyolisha mgonjwa. Fundi umeme mpya alipitisha nyaya zake kabla ya lipu, kwa sababu fundi wa lipu alimwomba tu, na hakukuwa na alama ya kupoteza kwa kukubali. Sehemu ya sakafu iliyokuwa imeshikana vibaya tuliipondaponda upya, sote, tajiri naye kajifunga shuka, na seremala akaanzisha wimbo ambao maneno yake hayakufaa kwa mwezi ule. Mwashi akambadilishia maneno papo hapo, mahadhi yakabaki.

Kisha mwezi ukatuchezea. Sisi tulihesabu Shaabani itatimia thelathini. Ikaishia ishirini na tisa, Ramadhani ikaandama siku moja kabla. Nilihesabu tena, nikaipata ile ile: kumi ya Ramadhani ilikuwa imetusogelea kwa siku moja, bila ya sisi kufanya kosa lolote ila kutaja siku kwa mwezi ambao bado haujaonekana, jambo ambalo watu wa kwetu tutaendelea kulifanya mpaka kiama. Kwa ubao wa zamani, hapo kila mtu angeikimbilia lipu yake kuimaliza ikiwa mbichi. Jumamosi ile fundi wa lipu aligonga ukuta kwa kidole, akageuka akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida, "Ukuta unataka siku moja zaidi. Mwambieni Bi kumi na moja."

Nilikwenda kumwambia, siku zikiwa zimebaki kadhaa. Alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka kwa ajili ya tarehe.

"Mwezi haukuandikwa kwenye ubao wenu," akasema. "Kumi na moja, basi."

Siku hiyo tulikwenda na kiti cha mikono kutoka kwake mwenyewe, cha mti mzito. Tulimkalisha, seremala na mwashi nyuma, tajiri na fundi wa lipu mbele, mimi pembeni na marobota. Ngazi zile nilizokuwa nazilaani miezi yote hiyo tulizishuka taratibu, kila kituo majirani wakitoka kumuaga. Ghorofa ya pili akamshika fundi wa lipu bega.

"Usiniangushe, baba."

"Siwezi, Bi," akasema. "Tumekushika wanne."

Kwake, tulimwingiza kupitia uani. Chokaa ilikuwa bado na harufu yake ile ya mvua. Alitaka kupelekwa juu, kwenye ukuta wa kusini, kwa sababu habari zake zilikuwa zimemfikia. Aliweka kiganja chake pale, akakitoa cheupe, akakitazama.

"Itakushika mikononi mpaka Idi, Bi," akasema fundi wa lipu. "Ya juu tu. Ndani imekauka. Nimeigonga."

"Niigonge na mie?"

"Igonge."

Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayejua. Tulisimama nyuma yake wote, tumejipanga bila kujipanga, hakuna aliyetaka kutangulia kutoka. Tajiri alianza kumwambia kwamba rangi ya madirisha itafuata baada ya Idi, kwamba kitasa cha choo ni cha muda. Bi hakugeuka.

Adhana ya alasiri ikasikika. Moja tu, karibu, kutoka upande wa kushoto wa uchochoro. Akaitikia kwa sauti ya chini, mpaka mwisho, kiganja kimerudi ukutani. Halafu ndipo akatutazama, kana kwamba anashangaa mbona bado tupo.

"Haya, nendeni makwenu mkapumzike, mmefunga," akasema. "Mie nshafika."